Jua linawachomozea mara 16 kwa siku: wanaanga wanafuata saa ipi?

BintiKazimoto, Dodoma

Wakuu, habari za jioni. Juzi tulitoka uani na watoto kukitazama kile Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kikipita. Kilitokea upande wa kusini magharibi, kikapanda kama nyota inayotembea, kikakata anga kama dakika tano hivi, halafu kikafifia ghafla kabla hakijafika chini kule kaskazini mashariki. Mwanangu wa darasa la tano akaniuliza: "Mama, na wao sasa hivi ni saa moja na dakika kumi usiku?"

Nilitaka kumjibu ndiyo, maana walikuwa juu ya vichwa vyetu. Kisha nikasita. Sisi saa zetu tumezifunga kwenye jua: likichomoza ni saa kumi na mbili, na kuanzia hapo tunahesabu saa moja, saa mbili, mpaka lizame. Kituo kile kinaizunguka dunia kwa dakika 90 na ushee. Kwa hesabu yetu, wangefika saa moja na nusu asubuhi na tayari jua limeshachomoza tena, wanaanza upya. Wasingefika saa nne ya chai maisha yao yote.

Sasa naomba anayejua anisaidie, nina deni kwa mtoto. Wanafuata saa ya wapi, na kwa nini hiyo?

Jabali_la_Ziwa, Mwanza

Dada, wanabadilisha kadiri wanavyopita. Mimi naendesha lori kwenda Kigali. Nikivuka tu daraja la Rusumo, simu yangu yenyewe inarudi nyuma saa nzima. Mitambo ya kule ni ya kisasa kuliko simu yangu, kwa hiyo wakiwa juu ya Tanzania inasoma saa za Tanzania, wakifika juu ya Bahari ya Hindi inasoma za huko. Mjibu mtoto kwamba ndiyo, ilikuwa saa moja na dakika kumi.

FundiMasafa, Arusha

Mkuu Jabali, hapana, na nitakuonyesha kwa lori lako mwenyewe. Mimi ni mtu wa redio za ridhaa, nimekifuatilia kituo hiki kwa miaka mingi na kusikiliza mazungumzo yao na waongozaji wa chini, kwa hiyo naandika ninachokijua.

Wewe ukivuka Rusumo unabadilisha saa mara moja, na ukirudi unabadilisha tena. Wao wanakwenda zaidi ya kilomita 7 na nusu kwa kila sekunde. Ukichukua duara lote la dunia na kanda zake 24 za saa, wanavuka kanda moja kila baada ya dakika 4 hivi. Mtu akianza kunywa chai saa tatu, kikombe kitaisha saa tano au sita, na tarehe nayo itaruka mara moja katika kila mzunguko pale wanapovuka ule mstari wa Pasifiki. Humwezi kumwambia mwenzako "tukutane saa nane tukarekebishe ile pampu", kwa sababu saa nane itapita kama mara kumi kabla hajalala.

Kituo kizima kinafuata saa moja tu, GMT, yaani saa ya Greenwich kule Uingereza. Kwenye makaratasi ya kisayansi utaona UTC, saa rasmi ya kimataifa, tofauti yake na GMT haifiki sekunde moja, na wao wenyewe wanapoongea husema GMT. Siku ya kawaida wanaamka 06:00 na kulala 21:30. Kwa saa zetu za Kiswahili, kuamka ni saa tatu asubuhi na kulala ni saa sita na nusu usiku. Kwa hiyo mjibu mtoto hivi: sisi tulipokuwa tumesimama uani saa moja na dakika kumi usiku, wao walikuwa 16:10, mchana wa kazi bado, pengine mmoja yuko kwenye mashine ya kukimbilia.

Kuna njia rahisi ambayo naipenda. Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya GMT, na saa yetu ya Kiswahili iko 6 nyuma ya ile ya kizungu. Matokeo yake, chukua saa ya kituo, toa 3, umepata saa ya Kiswahili. 06 toa 3 ni saa tatu. 16:10 toa 3 ni 13:10, toa na 12 zake, ni saa moja na dakika kumi. Jaribu na 21:30 uone.

BintiKazimoto, Dodoma

21:30 toa 3 ni 18:30, toa 12, saa sita na nusu. Imekubali! Hii nitaiandika ubaoni kesho. Ila swali la pili bado liko pale pale. Kwa nini GMT, kama kila siku naona kwenye habari kwamba waongozaji wako Houston na Moscow?

Jabali_la_Ziwa, Mwanza

Nimekubali, FundiMasafa, dakika nne kwa kanda moja sikuwahi kuzipigia hesabu. Basi la pili nalijibu mimi: GMT iko katikati kabisa ya Houston na Moscow, wakaona wagawane sawa kwa sawa, asionewe mtu.

FundiMasafa, Arusha

Hapo umegusa nusu ya jambo. Houston iko nyuma ya GMT kwa saa 6 wakati wa baridi na saa 5 wakati wa kiangazi. Moscow iko mbele kwa saa 3. Ungetafuta katikati hasa ungeangukia pahali fulani kwenye bahari ya Atlantiki, saa moja au moja na nusu magharibi ya GMT. Kwa hiyo ni maafikiano yaliyo karibu na katikati, na Moscow imepata fungu zuri zaidi.

Tazama siku inavyokaa. Wanaanga wakiamka 06:00 GMT, Moscow ni saa 3 asubuhi, wafanyakazi ndio wanaingia kazini, sawa kabisa na sisi hapa, maana Moscow na Dar es Salaam zina saa ile ile. Houston wakati huo ni usiku wa manane, na waliokaa kwenye viti ni zamu ya usiku. Kufikia 14:00 GMT Houston kumekucha na zamu ya mchana imeshakaa, huku Moscow wakianza kufunga madaftari. Wakilala 21:30, Houston ni alasiri na Moscow imeshapita usiku wa manane. Kila upande unapata kipande cha siku ya wanaanga kikiwa ndani ya mchana wake.

Na si hao wawili tu. Kuna Huntsville kule Alabama wanaosimamia majaribio ya kisayansi, kuna Oberpfaffenhofen karibu na Munich wanaoongoza maabara ya Ulaya, kuna Tsukuba Japani. Asubuhi na jioni wanaanga wana kikao kifupi cha redio na vituo hivi vyote kwa zamu, kimoja baada ya kingine. Wajapani wanapozungumza nao asubuhi, kwao jua linaelekea kuzama.

Lakini sababu ninayoiona nzito kuliko hiyo ya kugawana ni kwamba GMT haisogezwi. Marekani wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka. Ulaya nao wanasogeza, lakini si siku moja na Marekani: mwaka 2020, Ulaya walirudisha saa nyuma tarehe 25 Oktoba na Marekani tarehe 1 Novemba, na mwezi Machi pengo linafika wiki mbili au tatu. Urusi ndiyo usiseme. Kuanzia 2011 Moscow ilikaa saa 4 mbele ya GMT, halafu Oktoba 2014 serikali ikairudisha 3. Kituo kingefuata saa ya nchi yoyote kati ya hizo, wanaanga wangelazimika kusogeza siku yao na kuandika upya ratiba kwa sababu ya uamuzi wa bunge fulani, na wale wa nchi nyingine wangekuwa wanauliza leo tofauti yetu ni ngapi.

Nahodha_Kilindini, Mombasa

Nimefanya kazi melini miaka 22, naomba nichangie. Sisi tukielekea mashariki, kwa mfano kutoka Mombasa kwenda Colombo hadi Singapore, nahodha anatangaza kwamba usiku wa leo saa zinasogezwa mbele. Saa hiyo moja inakatwa kwenye usingizi wa mabaharia, na safari ikiwa ndefu watu wanaanza kununa. Jikoni, chakula, zamu, vyote vinafuata saa ya meli. Lakini juu kwenye chumba cha usukani kuna saa ya pili ambayo haiguswi, ya GMT. Mawasiliano ya hatari, hali ya hewa, nafasi ya meli, vyote vinaandikwa kwa hiyo.

Kwetu saa ya meli ina maana kwa sababu mwisho wa safari kuna bandari. Ukifika Singapore, rubani wa bandari, winchi na maofisa wa forodha wote wako kwenye saa ya Singapore, kwa hiyo unajiandaa njiani. Hawa wenzetu hawana bandari wanayoikaribia. Wamebaki na ile saa ya chumba cha usukani tu, wakaifanya na ya jikoni.

FundiMasafa, Arusha

Nahodha, hilo ndilo hasa. Na kule juu hiyo saa wanaiona ikitembea. Kazi zao za siku zimepangwa kwenye kioo cha kompyuta kama visanduku kwenye mstari mrefu, na kuna mstari mwekundu wa wima unaosonga kutoka kushoto kwenda kulia kadiri GMT inavyosonga. Sanduku likiguswa na mstari, kazi imeanza. Mstari ukishapita na hujamaliza, umechelewa, na mtu wa Houston, wa Moscow na wa Tsukuba wote wanaliona hilo kwa wakati mmoja, kwa kuwa wote wana mstari ule ule.

Kipanga_77, Nairobi

Swali la tarehe. Mwaka 2020 kile chombo cha Crew Dragon cha kwanza kupeleka watu wanne, Crew-1, nilikiangalia mubashara. Nina hakika kilijiunga na kituo tarehe 17 Novemba, nilikuwa nakunywa chai ya asubuhi. Lakini kila nikisoma nakuta imeandikwa tarehe 16. Nimewahi kubishana na mtu kwa hili. Nani kakosea?

FundiMasafa, Arusha

Hakuna aliyekosea, na nashukuru umelileta kwa sababu linaonyesha kila kitu tulichokisema, na zaidi.

Crew-1 ilijiunga na kituo saa 04:01 GMT, tarehe 17 Novemba 2020. Toa 3: saa moja na dakika moja asubuhi, na wewe ulikuwa na chai yako, tarehe 17. Florida ilikuwa 23:01, usiku wa tarehe 16. Houston 22:01, tarehe 16 pia. Japani, ambako watu walikuwa wanamtazama mwenzao Soichi Noguchi akifika, ilikuwa 13:01, mchana wa tarehe 17. Taarifa nyingi ulizosoma ziliandikwa kwa saa ya Florida. Kwenye kumbukumbu za kituo hukuti neno Novemba kabisa. Siku zinahesabiwa kuanzia Januari mosi, kwa hiyo ile ni siku ya 322, saa 04:01. Hilo lina faida yake, maana Mmarekani huanza na mwezi na Mzungu huanza na siku. Ukiandika 322 hakuna wa kuisoma vingine.

Sasa linganisha na tukio la mwezi mmoja nyuma. Tarehe 14 Oktoba 2020, siku ya 288, Soyuz MS-17 ya Warusi iliruka kutoka Baikonur, Kazakhstan, saa 05:45 GMT ikiwa na Sergey Ryzhikov, Sergey Kud-Sverchkov na Kate Rubins. Baikonur ilikuwa 10:45 asubuhi, kwetu saa tatu kasorobo. Ikafika na kujiunga na kituo 08:48 GMT, baada ya saa 3 na dakika 3 tu, safari ya mizunguko miwili. Kwa waliokuwa ndani ya kituo ule ulikuwa ugeni wa kistaarabu: umeamka, umepiga mswaki, wageni wanabisha hodi.

Watu hao watatu wa Soyuz ndio waliokuja kuipokea Crew-1. Angalia saa yenyewe: 04:01 GMT, wakati siku ya kawaida ni kulala 21:30 na kuamka 06:00. Chombo kinakaribia katikati ya usiku wao, na hakuna anayeweza kulala chombo cha watu wanne kinapokuja kugusana na nyumba yako. Ilibidi wawe macho.

Kipanga_77, Nairobi

Asante, ubishi umeisha. Lakini mbona wasikirushe chombo mapema au wakicheleweshe ili kifike mchana wao? Si wao wenyewe wanaopanga?

FundiMasafa, Arusha

Hawapangi saa, wanaipokea. Njia ya kituo angani ni kama pete iliyoinamishwa, na dunia inazunguka ndani yake. Roketi inaruka pale ambapo kiwanja chake kinapita chini ya pete. Pete yenyewe nayo inageuka polepole, kwa hiyo nafasi hiyo inakuja mapema zaidi kila siku, kwa dakika 20 na kitu. Ukiahirisha siku kumi kwa sababu ya hali ya hewa, saa ya kuruka imerudi nyuma kwa takriban saa 4. Wiki zikipita, saa ya kuruka inazunguka mchana na usiku wote wa GMT.

Ndiyo maana siku za wageni, na siku za kutoka nje kufanya ukarabati, usingizi unahamishwa. Wanaweza kuambiwa leo laleni mapema kwa saa kadhaa, au lala mara mbili vipande vipande, halafu baadaye mrudi. Saa ya ukutani inabaki GMT ile ile. Kinachohama ni visanduku vya kulala kwenye ule mstari.

Mwalimu_Ngeleja, Shinyanga

Nadhani wote mnaliacha jambo kubwa. Saa za kule zinakwenda polepole kwa sababu ya kasi, Einstein alishathibitisha. Kwa hiyo hawawezi kufuata saa yoyote ya duniani hata wakitaka, maana itawapotea.

FundiMasafa, Arusha

Mwalimu, jambo lenyewe ni kweli, ila silo lililoulizwa, na kiasi chake ni kidogo mno. Kasi inaichelewesha saa yao, urefu wa kilomita 400 unaiharakisha kidogo, na ukijumlisha inachelewa kama sehemu 25 za milioni ya sekunde kwa siku. Mtu akikaa miezi sita anarudi akiwa nyuma yetu kwa chini ya sehemu 5 za elfu ya sekunde. Kufumba na kufumbua jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo. Kwa satelaiti zinazotuonyesha njia kwenye simu hesabu hiyo ni ya lazima, lakini kwa mtu anayetaka kujua kama ni wakati wa chakula cha mchana haina kazi.

Mwalimu_Ngeleja, Shinyanga

Nimekuelewa. Nilidhani ni dakika kadhaa.

NesiWaZamu, Mbeya

Mimi nimesoma uzi wote nikiwa natoka zamu ya usiku. Nina miaka tisa ya zamu. Nikifika nyumbani saa mbili asubuhi naning'iniza kitenge kizito dirishani, na blanketi juu yake, na bado mwili unajua kwamba nje ni mchana. Wiki ya kwanza ya kubadili zamu nakuwa kama mlevi, nasoma dozi mara tatu kabla sijaiamini. Sasa mtu ambaye jua linamchomozea mara 16, mwili wake unaamini nini? Kumwambia tu "sasa ni 21:30" hakutoshi, nakwambia kwa uzoefu.

FundiMasafa, Arusha

Nesi, umesema kweli, na wao wamelijua hilo kwa taabu. Ratiba inawapa saa 8 na nusu za kulala. Watafiti walipowavalisha wanaanga vifaa vya mkononi vya kupima, walikuta wanalala saa 6 tu hivi kwa wastani, na wengi walikuwa wanatumia dawa za usingizi.

Wanachofanya ni kama kitenge chako. Kila mmoja ana kijumba chake kama kabati, chenye giza, na mfuko wa kulalia uliofungwa ukutani. Kile chumba chenye madirisha saba kina vifuniko, na nje yake kila mzunguko una takriban saa moja ya jua kali na nusu saa na ushee ya giza. Na tangu 2016 walianza kubadilisha taa za ndani. Zile mpya zina hali tatu: mwanga wa kawaida wa kazi, mwanga wenye buluu zaidi wa kuamsha mwili au kuusogeza wakati usingizi umehamishwa, na mwanga wa manjano hafifu wa kabla ya kulala. Kwa hiyo macheo yao ya kweli ni mtu kubonyeza swichi 06:00 GMT.

Niongeze kitu ambacho hata BintiKazimoto hakukitaja. Hizo mara 16 nazo si za kudumu. Kuna vipindi, hasa karibu na Juni na karibu na Desemba, ambapo ile pete ya njia yao inakaa ikilielekea jua kiasi kwamba kituo hakiingii kivulini kabisa kwa siku kadhaa. Jua halizami. Kwa hiyo hata mtu angeamua kuhesabu macheo, kuna siku angekosa cha kuhesabu.

NesiWaZamu, Mbeya

Hiyo taa ya manjano naitaka. Hapa kazini taa ni nyeupe za kutoboa macho mpaka dakika ya mwisho. Ila nina mashaka na hilo la kuhamisha usingizi kwa saa kadhaa kwa siku moja. Kwa mwili wa binadamu siku moja haitoshi, hata uwe na taa gani.

FundiMasafa, Arusha

Haitoshi, na hata wao hawadai kwamba inatosha. Wanapenda kusogeza polepole kwa siku kadhaa, lakini mara nyingine ratiba haina nafasi na wanaruka kwa mara moja. Hapo wanajua kabisa kwamba kesho yake mtu atakuwa mzito, na wanampunguzia kazi nyeti.

MwanaWaLamu, Lamu

Assalaam alaykum. Nami nina swali ambalo hapa kwetu tulilizungumza barazani bila kulimaliza. Adhuhuri, alasiri, magharibi, zote zinafuata jua na kivuli. Muislamu aliyeko kule anasali vipi? Mzee mmoja alisema asali mara tano kwa kila mzunguko, ikafika 80 kwa siku. Mwingine akasema hiyo si dini, ni adhabu.

Nahodha_Kilindini, Mombasa

Waalaykum salaam. Nililisoma hili kwa sababu lilinihusu melini. Daktari Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alirushwa kutoka Baikonur Oktoba 2007, na ilikuwa Ramadhani. Wanazuoni wa kwao walimtayarishia mwongozo kabla hajaondoka: sala ni tano kwa saa 24, na nyakati zinafuata ukanda wa mahali aliporushwa. Funga, kwa kuwa ni msafiri, alikuwa na ruhusa ya kuilipa baadaye. Kibla aelekee kwa kadiri anavyoweza.

MwanaWaLamu, Lamu

Ukanda wa mahali aliporushwa, yaani Baikonur? Lakini FundiMasafa anasema maisha yote kule ni GMT. Atakuwa anaamka kwa saa moja na kusali kwa nyingine, zikiwa na tofauti ya saa tano au sita.

Nahodha_Kilindini, Mombasa

Ndiyo, na kwa safari yake ya siku kumi na moja hivi hilo lilivumilika. Sultan Al Neyadi wa Emirati, aliyekaa miezi sita mwaka 2023 na kukutwa na Ramadhani kule, yeye alieleza kwamba ni msafiri, na kwamba anayetaka kufunga anaweza kufuata GMT kwa kuwa ndiyo saa rasmi ya kituo. Kwa hiyo una njia mbili, na mimi siwezi kukuambia ipi ina uzito zaidi. Hilo ni la wenye elimu yake.

MwanaWaLamu, Lamu

Nitalirudisha barazani. Mimi moyo wangu uko kwa GMT, kwa sababu sala imewekwa kukipa kipimo kile anachokiishi mtu. Lakini najua kuna atakayenipinga.

Kipanga_77, Nairobi

Na Wachina? Wana kituo chao.

FundiMasafa, Arusha

Tiangong kinafuata saa ya Beijing, saa 8 mbele ya GMT. Waongozaji ni wa nchi moja, na nchi yenyewe ina saa moja kuanzia pwani hadi mpaka wa magharibi, kwa hiyo hakukuwa na wa kuafikiana naye. Mir, kituo cha zamani cha Warusi, nayo ilikuwa kwenye saa ya Moscow kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo pale juu kuna nyumba mbili, na wa kituo cha kimataifa wanapoamka 06:00 yao, kwa wa Tiangong ni saa 8 mchana.

Zile ndege za angani za Marekani, shuttle, zilikuwa na njia ya tatu. Saa ilianza sifuri roketi zinapowaka, na kila kazi ikaandikwa kama siku 2 saa 5 tangu kuruka. Ukiahirisha safari kwa wiki, huandiki upya hata ukurasa mmoja. Ilifaa kwa safari ya wiki mbili. Kituo hakina dakika ya kuruka, kimekuwa na watu mfululizo tangu tarehe 2 Novemba 2000. Shuttle ikifika kutembelea, saa mbili zilikutana sebuleni, na waliokuwa wenyeji mara nyingi ndio waliohamisha usingizi kuwafuata wageni.

Jabali_la_Ziwa, Mwanza

Nimejifunza. Nimeongeza saa ya pili kwenye simu, ya GMT. Leo nikiwa Rusumo niliitazama: ya kwanza ilirudi nyuma, ya pili haikutikisika.

BintiKazimoto, Dodoma

Narudi baada ya wiki tatu. Ubaoni tulichora saa mbili, yetu na ya kituo, na watoto sasa wanatoa 3 kwa haraka kuliko mimi. Wanaosumbuka ni kwenye alfajiri, kwa sababu 02 toa 3 haitoki, mpaka wajifunze kuongeza 12 kwanza.

Leo kilipita tena, mara hii alfajiri, saa kumi na moja na dakika 20. Nilimwamsha yule wa darasa la tano tukatoka. Akasimama, akahesabu kwa vidole, akasema kule ni 02:20. Kilipotokea juu ya mwembe wa jirani, kinang'aa kuliko nyota zote, nilianza kumwonyesha kwa sauti, naye akanishika mkono, akaninong'oneza: "Mama, wamelala."